Kabla Hujaiweka Picha ya Mteja Kwenye Slaidi

Karuseli ni posti yenye slaidi kadhaa ambazo msomaji huzipitisha kwa kidole, moja baada ya nyingine. Tangu mwaka 2024 Instagram inaruhusu hadi slaidi 20 katika posti moja. Kwenye LinkedIn watu hupandisha faili la PDF, na kila ukurasa wa faili hilo unageuka slaidi. Jambo ambalo wengi hawalizingatii ni kwamba slaidi hizi hazikai pamoja kwa muda mrefu. Mtu anaipenda slaidi ya nne, anaipiga skrinishoti na kuiweka kwenye status yake ya WhatsApp. Mwingine anaitoa hapo na kuituma kwenye kundi la ukoo. Ikifika jioni slaidi ile inatembea peke yake: haina maelezo uliyoandika chini ya posti, haina jina la mpiga picha uliyemshukuru huko chini, na sura ya mteja wako imewafikia watu ambao hakuwahi kudhani wangeiona.

Kwa hiyo ruhusa unayoomba na jina unalolitaja lazima viandaliwe kwa kila slaidi, kana kwamba itasomwa peke yake. Na usichanganye mambo hayo mawili. Kumtaja mtu ni kusema kazi ni ya nani. Kuomba ruhusa ni kumwachia mwenyewe aamue kama itumike. Anayeandika jina la mpiga picha kwa herufi kubwa bila kumuuliza ametimiza nusu tu ya wajibu wake.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Fundi wa magauni ya harusi jijini Dar es Salaam anaandaa karuseli ya slaidi saba. Ya kwanza ni kichwa cha habari. Ya pili na ya tatu ni picha za bibi harusi aliyemshonea. Ya nne ni skrinishoti ya ujumbe wa shukrani kutoka kwa bibi harusi huyo. Ya tano ina maneno ya Mwalimu Nyerere kuhusu kazi, ya sita ni picha ya kitambaa iliyookotwa mtandaoni, na ya saba ina bei na namba ya simu. Slaidi mbili tu, ya kwanza na ya saba, ndizo mali yake kamili. Tano zilizobaki zina wenyewe.

Picha ya harusi ina watu zaidi ya mmoja

Bibi harusi alimtumia fundi picha kwa WhatsApp akiwa na furaha: "Fundi, ona gauni lako lilivyopendeza!" Fundi anaona kwamba huyo ameshampa picha, na kwamba mambo yameisha. Hayajaisha. Kumtumia mtu picha aifurahie si kumwambia aitangazie biashara. Isitoshe, bibi harusi si mwenye picha peke yake.

Wa kwanza mwenye haki ni aliyebonyeza kamera. Kwa kawaida hakimiliki ya picha huanzia kwa mpiga picha, na kulipwa kwa kazi ya siku ile hakuiondoi moja kwa moja. Hata hivyo sheria za nchi hazifanani. Nchini Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inaielekeza haki ya kazi iliyoagizwa kwa aliyeiagiza, isipokuwa mkataba wao useme vingine. Fundi hana sababu ya kubishana na vifungu hivyo. Yeye si mpiga picha wala si aliyeagiza, hivyo njia salama ni kuwauliza wote wawili.

Wa pili ni anayeonekana. Haki yake inatokana na sheria za taarifa binafsi, maana sura ya mtu anayetambulika ni taarifa yake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya ina sheria ya mwaka 2019, na kule adhabu zimeshatolewa waziwazi. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitangaza kuwa imeitoza klabu ya Casa Vera Lounge ya Nairobi shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kuweka mitandaoni picha ya mteja aliyekuwa akistarehe pale bila ridhaa yake. Wakati huohuo shule moja, Roma School, ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kutumia picha za watoto bila idhini ya wazazi. Casa Vera hawakuwa wameiba picha ya mtu. Ilipigwa kwenye ukumbi wao. Kilichokosekana ni ridhaa ya aliyeonekana.

Wa tatu ni wale wa pembeni. Kwenye picha ya slaidi ya tatu wamesimama wasimamizi wawili na mtoto mwenye kapu la maua. Wasimamizi ni watu wazima, na bibi harusi anaweza kuwafikia kwa urahisi kuwauliza. Mtoto ni suala jingine: ruhusa yake hutoka kwa mzazi au mlezi, si kwa bibi harusi, hata akiwa shangazi yake. Ushauri wangu kwa fundi ni kuchagua picha nyingine ambayo mtoto hayumo. Ikiwa hakuna, amwombe mpiga picha aikate upya mtoto abaki nje ya fremu. Kumwekea kikaragosi usoni hakufichi gauni lake, waliosimama pembeni yake wala ukumbi aliokuwamo, na kwa wanaomjua hayo yanatosha kumtambua.

Ujumbe wa kuomba ruhusa uwe mfupi lakini utaje kila kitu kitakachofanyika. Fundi anaweza kumwandikia bibi harusi hivi:

"Habari dada, za tangu harusi? Natengeneza posti ya Instagram kuhusu magauni niliyoshona. Naomba ruhusa yako nitumie picha hizi mbili ulizonitumia, pamoja na maneno yako uliyoniandikia baada ya harusi. Zitakuwa kwenye ukurasa wangu wa Instagram na status yangu ya WhatsApp tu. Sitaandika jina lako mpaka uniambie niliandike. Sitazilipia kuwa tangazo bila kukuuliza tena. Nitakutumia slaidi uzione kwanza, na siku yoyote ukitaka nizitoe, nitazitoa. Kama hupendi, hakuna tatizo kabisa, gauni nitalishona tena ukinihitaji."

Tazama kilichomo: picha zipi, zitaonekana wapi, jina litatajwa au la, zitalipiwa au la, na njia ya kujitoa. Suala la kulipia ndilo linalosahaulika kuliko yote. Posti ya kawaida huonwa zaidi na wafuasi wa fundi. Ukiilipia iwe tangazo, inapelekwa kwa maelfu ya watu wasiomjua yeye wala bibi harusi. Mtu aliyekubali ya kwanza hajakubali ya pili. Ile sentensi ya mwisho nayo ina kazi. Mteja anayeogopa kumuudhi fundi wake atasema ndiyo huku moyoni hataki, na ruhusa ya namna hiyo hubatilika mara tu mumewe au mama mkwe anapoiona posti.

Kwa mpiga picha maneno yanabadilika kidogo:

"Habari kaka. Mimi ndiye fundi niliyeshona gauni la bibi harusi uliyempiga picha mwezi uliopita. Naomba kutumia picha zako hizi mbili kwenye posti ya biashara yangu Instagram. Bibi harusi amesharidhia. Jina lako nitaliandika juu ya kila picha na kukutagi. Naomba uniambie uandikweje, kama kuna malipo, na kama unaruhusu nizikate ziwe wima."

Swali la kukata picha si la adabu tu. Slaidi nyingi za Instagram hutengenezwa kwa upana wa pikseli 1080 na urefu wa 1350, wakati picha nyingi za harusi ni za mlalo. Ukiikata mwenyewe, mara nyingi alama ya mpiga picha iliyo kwenye kona ndiyo inayopotea, naye akiiona atadhani umeifuta makusudi. Mwombe akutumie nakala aliyoikata yeye. Wapiga picha wengi wako tayari kufanya hivyo, kwa sababu hawapendi kuona kazi yao imebanwa au imepakwa rangi za filta na jina lao likiwa chini yake.

Ujumbe wa mteja

Slaidi ya nne ndiyo ninayoihofia zaidi, kwa sababu skrinishoti za WhatsApp zimezoeleka mno katika biashara zetu hata hazionekani tena kuwa ni mazungumzo ya faragha. Angalia skrinishoti yoyote kwa makini utaona vitu ambavyo mteja hakukusudia kuvitoa: picha yake ya wasifu, namba yake ya simu ikiwa hukuihifadhi kwa jina, jina ulilomhifadhia ("Mama Junior Mbezi" linamtambulisha kabisa), saa na tarehe, na kipande cha ujumbe wa juu yake ambako pengine mlikuwa mnazungumza kuhusu deni.

Wengi huvifunika kwa kalamu ya kuchorea iliyo kwenye simu. Hapo kuna mtego. Baadhi ya kalamu hizo, hasa ile ya kupigia mstari maandishi, hupitisha mwanga. Macho yanaona weusi, lakini mtu akiongeza mwangaza wa picha ile namba inajitokeza upya. Ukungu wa kufifisha nao hautoshi kwa tarakimu kubwa. Kama ni lazima utumie skrinishoti, kata kabisa sehemu isiyohitajika, au weka kisanduku cha rangi nzito isiyopitisha mwanga, kisha hifadhi kama picha mpya. Ijaribu mwenyewe: ifungue, ongeza mwangaza hadi mwisho, uone kama kuna kinachosomeka.

Njia bora kuliko hiyo ni kuachana na skrinishoti na kuyaandika upya maneno ya mteja kwenye slaidi safi. Watu husema skrinishoti inaaminika zaidi. Lakini kutengeneza mazungumzo bandia ya WhatsApp ni kazi ya dakika chache, na wateja wanalijua hilo. Kinachoaminika ni mtu halisi aliyekubali kutajwa, hata kwa jina la kwanza na mtaa tu.

Ukiyaandika upya, usiyatie maneno ambayo hakuyasema. Tuseme bibi harusi aliandika: "Fundi nashukuru gauni lilinikaa vizuri sana ila lilichelewa kidogo nikaanza kuogopa, lakini uliponiletea nikasahau yote." Kuna kishawishi cha kubakiza "gauni lilinikaa vizuri sana" na kuutupa ucheleweshaji. Kufupisha si kosa, mradi unachobakiza bado kinasema kile alichokusudia. Hapa alikusudia kusema kwamba alifurahi licha ya kuchelewa. Fundi mwenye busara ataiacha sentensi nzima, kisha chini yake ataeleza kwamba siku hizi anakabidhi gauni siku kumi kabla ya harusi, ikiwa kweli anafanya hivyo. Kusahihisha tahajia ni ruhusa. Kuunganisha jumbe mbili za siku tofauti ziwe moja si ruhusa. Na mteja aione slaidi iliyokamilika kabla ya kuiweka. Hapo ndipo wengi husema, "Hapo pa kuchelewa paache, lakini jina la mtaa toa."

Zipo habari ambazo kuficha jina hakuzifichi. Gauni lililoongezwa kiuno kwa sababu bibi harusi alikuwa mjamzito na nyumbani hawakujua, gauni lililoshonwa upya baada ya harusi ya kwanza kuvunjika: picha ya gauni lenyewe inatosha kumtaja mwenye nalo. Habari ya namna hiyo isiandikwe bila yeye kusema waziwazi kwamba anataka isimuliwe. Ndivyo ilivyo pia kwa wanaouza dawa za ngozi, virutubisho na huduma za uzazi. Taarifa za afya zina ulinzi mkali zaidi katika sheria za Kenya na Tanzania, kwa hiyo "asante" ya WhatsApp isichukuliwe kuwa idhini.

Jibu la ruhusa lihifadhi mahali pengine nje ya mazungumzo. Watu wengi wamewasha jumbe zinazojifuta, na baada ya siku 90 au hata saa 24 ile "ndiyo" haipo tena. Ipige skrinishoti, iweke kwenye folda moja pamoja na slaidi husika, jina la faili liwe na tarehe. Hiyo haiendi kwa mtu yeyote. Ni kumbukumbu yako ya kile hasa mlichokubaliana.

Maneno ya watu maarufu

Kwa slaidi ya tano, ruhusa mara nyingi haihitajiki. Mkataba wa Berne, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama, unaruhusu kunukuu kazi ambayo tayari imetolewa hadharani, kwa kiasi kinachohitajika na lengo lako, na kwa kutaja chanzo na jina la mwandishi. Sentensi mbili za hotuba ni nukuu. Shairi zima lililogawanywa katika slaidi sita si nukuu tena, hilo ni chapisho jipya la kazi ya mtu. Na nukuu isitumike kama sahihi ya kukuunga mkono: maneno ya Mwalimu kuhusu kazi yasikae juu ya bei ya gauni kana kwamba ndiye anayelipendekeza.

Tatizo kubwa hapa ni maneno ya kusingiziwa. Lile fungu mashuhuri kuhusu hofu yetu ya kung'aa, ambalo kwa miaka mingi limebandikwa jina la Nelson Mandela, ni la mwandishi wa Kimarekani Marianne Williamson, kutoka kitabu chake cha mwaka 1992. Mwalimu Nyerere naye anabandikwa maneno kila wiki. Kanuni ninayoishika ni hii: kama siwezi kuandika maneno hayo yako kwenye hotuba gani au kitabu gani, na mwaka gani, siyaweki. Slaidi inayosema "Julius K. Nyerere, Elimu ya Kujitegemea, 1967" inamruhusu msomaji kwenda kukagua. Inayosema "Nyerere" peke yake inamtaka aamini tu. Kuona maneno hayo kwenye kurasa nyingine kumi si uthibitisho, kwa sababu zote huenda zilinakili moja.

Methali haina mwenyewe, iandike bila jina. Maneno ya mtu aliye hai aliyoyasema kwenye semina ya kulipia au kwenye kundi la WhatsApp hayajatolewa hadharani, huyo muulize. Na karuseli ya mtu mwingine yenye vidokezo saba ukiitafsiri kwa Kiswahili vyote saba kwa mpangilio uleule, umechukua kazi yake hata kama hukutumia picha yake hata moja.

Picha ya mtandaoni

Slaidi ya sita inaisha haraka. "Picha: Google" au "Picha: Pinterest" si kutaja mwenyewe, hizo ni njia ulizopitia kuifikia. "Kwa hisani ya mtandao" haisaidii pia, wala "nitumie ujumbe kama picha ni yako". Kama humjui mpiga picha na humpati, iache. Kitambaa ni chako, kiko mezani, kipige mwenyewe karibu na dirisha.

Ukihitaji ya kuchukua, nenda Unsplash au Pexels, ambako picha hutolewa bure hata kwa biashara na kumtaja mpiga picha ni hiari. Leseni hizo hazikuhakikishii kwamba mtu anayeonekana amekubali kutangaza bidhaa yako, kwa hiyo chagua zisizo na sura za watu. Kwenye Wikimedia Commons soma leseni ya picha husika. CC BY inakutaka uandike jina la mpiga picha, leseni na mahali picha ilipo, na useme kama umeibadilisha. Kwenye tovuti nyingine, leseni ikiwa na NC, biashara hairuhusiwi. Ikiwa na ND, usitoe nakala uliyoibadilisha.

Jina liandikwe wapi

Liandike juu ya picha yenyewe, kila picha. Kwenye slaidi ya 1080 kwa 1350, herufi za pikseli 26 hivi zinasomeka kwenye simu bila kuharibu gauni. Ziweke chini kushoto, pikseli 70 au zaidi kutoka ukingoni, kwa rangi inayoonekana dhidi ya picha iliyo nyuma. Yatosha kuandika "Picha:" kisha jina au akaunti kama mwenyewe alivyotaka iandikwe. Usirundike majina yote kwenye slaidi ya mwisho, kwa kuwa wasomaji wengi hawafiki huko.

Akaunti iliyoandikwa juu ya picha haibonyezeki, kwa hiyo mtagi pia kwenye picha hiyohiyo, kisha urudie chini ya posti kwa namba: "Picha, slaidi ya 2 na 3:" na jina lake. Ukimtaja mpambaji na mwenye ukumbi, waeleze kwa kazi zao, wasionekane kama nao ndio waliopiga picha.

Mtu akisema "itoe"

Sheria ya Kenya inasema wazi kwamba aliyetoa ridhaa anaweza kuiondoa, na hata pasipokuwa na sheria fundi alishaahidi. Itoe siku hiyohiyo, bila kuuliza sababu. Instagram inakuwezesha kufuta slaidi moja bila kufuta karuseli nzima: bonyeza vitone vitatu, chagua kuhariri, nenda kwenye slaidi hiyo ubonyeze alama ya pipa la taka, mradi zibaki angalau mbili. Hubaki kwenye vilivyofutwa kwa siku 30, kwa hiyo ukafute na huko. Kisha kumbuka status, tangazo kama lilikuwapo, na nakala ulizowatumia mawakala wako. Kwenye LinkedIn huwezi kubadilisha ukurasa mmoja wa faili lililokwisha kupandishwa. Unafuta posti yote na likes zake. Mwambie pia ukweli mteja wako: skrinishoti zilizokwisha kupigwa na watu wengine huwezi kuzirudisha.

Ikiwa una karuseli za zamani ulizoziweka bila kuuliza, usingoje malalamiko. Zifungue leo, anza na zenye sura za watoto, kisha zenye namba za simu, kisha picha za wapiga picha ambao hukuwaandikia. Kila mmoja mwandikie ujumbe kama ule wa juu, na asiyejibu ndani ya wiki, toa slaidi yake.